Kuintegreti kwa Sehemu: Kutoka Kanuni ya Zao Hadi Kipande cha Mpakani

Tuseme mvua imeanza kunyesha Tukuyu saa nane kamili mchana na kukatika saa kumi na moja jioni. Uani kuna kipima mvua, na mtu amekisoma kila baada ya saa moja. Saa nane kilikuwa kitupu. Saa tisa kilikuwa na milimita 9, saa kumi milimita 15, saa kumi na moja milimita 18. Swali ni hili: kitovu cha mvua hiyo kilikuwa saa ngapi? Yaani, ukichukua kila tone na muda lilipoanguka, wastani wa muda huo ni upi?

Swali hili lina kazi. Wanaochunguza mafuriko hupima muda unaopita tangu kitovu cha mvua hadi mto ufikie kilele chake, kwa sababu muda huo unaonyesha bonde linavyoitikia mvua. Kwa mji unaopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mto kama Kiwira unaoteremka kwa kasi kuelekea Ziwa Nyasa, si swali la kutungia mtihani tu.

Mimi nalitumia kwa sababu nyingine pia. Nawafundisha vijana wa kidato cha tano na cha sita hapa Mbeya, na nimeona kwamba wengi wanaijua fomula ya kuintegreti kwa sehemu kwa moyo, lakini mipaka ikiingia wanaanza kubahatisha. Wanaweka mipaka upande mmoja wanasahau mwingine, au wanatupa kabisa kile kipande kilicho nje ya integrali. Mvua ya Tukuyu inakionyesha kipande hicho waziwazi, kwa hiyo tutatembea nayo hadi mwisho.

Maneno machache kwanza. Kunyambua fanksheni ni kutafuta kasi ya badiliko lake, na kinyambuo cha u nitakiandika u'. Zao ni jibu la kuzidisha. Integrali yenye mipaka ni ile yenye namba chini na juu, kama ∫ₐᵇ. Na kile kinachobaki nje ya integrali, [u·v]ₐᵇ, nitakiita kipande cha mpakani, kwa sababu hakijui lolote isipokuwa yanayotokea kwenye mipaka miwili, a na b.

Liandike swali kama integrali

Hesabu muda, t, kwa saa, ukianzia saa nane. Kwa hiyo t = 0 mvua inapoanza na t = 3 inapokatika. Jumla ya mvua iliyokwisha kuanguka hadi muda t iite M(t). Hiyo ndiyo namba inayosomwa kwenye kipima. Kasi ya mvua ni M'(t), milimita kwa saa.

Katika muda mfupi dt huanguka mvua M'(t) dt. Kila kiasi kama hicho tunakizidisha kwa muda wake, tunajumlisha vyote, kisha tunagawa kwa mvua yote:

kitovu = (1/18) · ∫₀³ t·M'(t) dt

Sasa angalia tatizo lilipo. Integrali inataka M', lakini kipima hakipimi kasi. Kinapima M. Ungeweza kuikadiria kasi kwa kutoa usomaji mmoja kutoka mwingine, lakini kunyambua vipimo kunakuza makosa yake: ukikosea usomaji kwa nusu milimita, kasi unayoipata inaweza kuyumba vibaya. Tunachotaka ni njia ya kukiondoa kinyambuo juu ya M na kukipeleka juu ya t, ambayo kinyambuo chake ni 1 tu. Kuintegreti kwa sehemu hufanya kazi hiyo, na hakuna zaidi ya hiyo.

Anza na kanuni ya zao, na uione kwa macho

Chukua shamba la viazi la mstatili, urefu u na upana v. Eneo lake ni u·v. Mwenye shamba analiongeza pande mbili: urefu unaongezeka kwa Δu, upana kwa Δv. Eneo jipya linalopatikana lina vipande vitatu: ukanda wa u·Δv upande mmoja, ukanda wa v·Δu upande wa pili, na kona ndogo ya Δu·Δv.

(u + Δu)(v + Δv) − u·v = u·Δv + v·Δu + Δu·Δv

Sasa chukulia u na v kuwa zinabadilika pamoja na x. Gawa kila kipande kwa Δx, kisha Δx iende kwenye sifuri. Ukanda wa kwanza unakuwa u·v'. Wa pili unakuwa v·u'. Kona inakuwa Δu·(Δv/Δx): sehemu ya pili inakaribia v', lakini Δu yenyewe inakaribia sifuri, kwa hiyo kona yote inatoweka. Kinachobaki ni

(u·v)' = u·v' + v·u'

Usiipite kona haraka. Ndiyo jibu la anayeuliza kwa nini kinyambuo cha zao si zao la vinyambuo viwili. Zao la vinyambuo linahusu ile kona peke yake, na kona ndiyo sehemu isiyo na uzito. Leibniz, aliyeichapisha kanuni hii mwaka 1684, naye alilipima wazo hilo la zao la vinyambuo katika maandishi yake kabla ya kuliacha.

Integreti pande zote mbili, mipaka ikiwa tayari imewekwa

Hapa ndipo ninapowataka wanafunzi wangu wabadilishe mazoea. Usiandike kwanza fomula isiyo na mipaka halafu ukatafute pa kuichomeka mipaka. Iweke sasa hivi, kabla hujahamisha chochote:

∫ₐᵇ (u·v)' dx = ∫ₐᵇ u·v' dx + ∫ₐᵇ v·u' dx

Upande wa kushoto tunaintegreti kinyambuo, na kuintegreti kinyambuo hurudisha fanksheni yenyewe, thamani ya mwisho kutoa ya mwanzo:

u(b)·v(b) − u(a)·v(a) = ∫ₐᵇ u·v' dx + ∫ₐᵇ v·u' dx

Hamisha integrali moja, na umemaliza:

∫ₐᵇ u·v' dx = u(b)·v(b) − u(a)·v(a) − ∫ₐᵇ v·u' dx

Ukifuata njia hii, kipande cha mpakani hakiwezi kukushangaza, kwa sababu unaona kilikotoka. Ni jumla ya mabadiliko yote ya zao u·v tangu a hadi b. Integrali mbili zinagawana badiliko hilo kati yao. Ukikitupa, unasema kwamba zao halikubadilika kabisa, jambo ambalo huwa kweli mara chache.

Masharti yake ni haya: u na v ziwe na vinyambuo vinavyoendelea bila kukatika kuanzia a hadi b, ncha zote mbili zikiwemo. Sharti la ncha tutalihitaji baadaye, usilisahau.

Kuna mtego mmoja unaoonyesha vizuri madhara ya kuisoma fomula bila mipaka. Integreti 1/x kwa sehemu, ukichukua u = 1/x na v' = 1, ili v = x. Zao u·v ni 1, na u' ni −1/x². Unapata

∫ (1/x) dx = 1 + ∫ (1/x) dx

Ukifuta integrali pande zote, unabaki na 0 = 1. Mwanafunzi mmoja aliniletea hili akiwa amekasirika kweli: "Mwalimu, nimepitia kila mstari, sioni kosa." Na kila mstari ulikuwa sahihi, isipokuwa ule wa kufuta. Integrali isiyo na mipaka haiwakilishi fanksheni moja bali familia nzima zinazotofautiana kwa namba ya kudumu, kwa hiyo huwezi kuzifuta kama namba. Weka mipaka, tuseme 1 na 2, na tatizo linakwisha lenyewe: kipande cha mpakani ni [1]₁², yaani 1 − 1, sifuri. Unapata ln 2 = 0 + ln 2. Hakuna ajabu.

Rudi kwenye mvua

Tunataka ∫₀³ t·M'(t) dt. Chagua u = t, kwa sababu ndiyo tunayotaka inyambuliwe, na v' = M', ambayo inatupa v = M. Basi u' = 1.

∫₀³ t·M'(t) dt = 3·M(3) − 0·M(0) − ∫₀³ M(t) dt

Kipande cha mpakani ni 3 × 18 − 0 × 0 = 54. Integrali iliyobaki ni eneo chini ya grafu ya usomaji wa kipima, na hilo tunaweza kulikadiria kwa trapeza kwa kutumia namba tulizonazo: nusu ya usomaji wa kwanza, usomaji wote wa kati, nusu ya wa mwisho.

0/2 + 9 + 15 + 18/2 = 33

Kwa hiyo integrali yetu ni 54 − 33 = 21, na kitovu ni 21/18, sawa na saa 1.167, yaani saa moja na dakika 10 tangu mvua ianze. Kitovu cha mvua kilikuwa saa tisa na dakika kumi.

Tuhakikishe kwa njia isiyo na kalkulasi kabisa. Saa ya kwanza zilianguka milimita 9, tuziweke katikati yake, 0.5. Saa ya pili zilianguka 6, katikati yake ni 1.5. Ya tatu 3, katikati ni 2.5.

9 × 0.5 + 6 × 1.5 + 3 × 2.5 = 4.5 + 9 + 7.5 = 21

Namba ileile, na haikuwa bahati. Kuna kuintegreti kwa sehemu kwa integrali, na kuna ndugu yake kwa jumla za kawaida, wenye kipande cha mpakani cha aina ileile.

Angalia pia vipimo vya namba hizi. Kila kipande, cha mpakani na cha integrali, ni milimita zikizidishwa kwa saa. Kama kipande kimoja kingekuwa na kipimo kingine, ungejua papo hapo kwamba umechagua u au v vibaya.

Usisahau mpaka wa chini

Katika hesabu ya juu mpaka wa chini ulitupa sifuri, na hapo ndipo tabia mbaya huzaliwa: mtu anazoea kuweka mpaka wa juu tu. Tuubadilishe mfano kidogo. Hesabu muda tangu saa sita mchana, ili mvua ianze t = 2 na ikatike t = 5. Na tuseme mtu alisahau kukimwaga kipima asubuhi, kikawa tayari na milimita 4 kabla mvua haijaanza. Usomaji sasa ni 4, 13, 19, 22. Mvua yenyewe haijabadilika, bado ni milimita 18.

Kipande cha mpakani: 5 × 22 − 2 × 4 = 110 − 8 = 102.

Integrali kwa trapeza: 4/2 + 13 + 19 + 22/2 = 45.

Tofauti: 102 − 45 = 57. Gawa kwa 18, unapata saa 3.167 tangu saa sita mchana. Ni saa tisa na dakika kumi, kama awali.

Sasa mfanye yule anayesahau mpaka wa chini. Anapata 110 − 45 = 65, anagawa kwa 18, anapata saa 3.61, karibu saa tisa na dakika 37. Amekosea kwa karibu nusu saa, na jibu lake bado linaonekana la kawaida, maana liko kati ya saa nane na saa kumi na moja. Kosa la namna hii ni la hatari kwa sababu halipigi kelele. Kinga yake ni kuandika mabano yote mawili kila mara, u(b)·v(b) − u(a)·v(a), hata pale unapoona wazi kwamba moja ni sifuri. Andika hiyo sifuri kwenye karatasi.

Maji yaliyobaki kwenye kipima, au kwa nini v inaruhusu namba ya kudumu

Zile milimita 4 hazikuharibu jibu, na inafaa kujua kwa nini. Ukijua v', hujui v kamili. Kila v + C ina kinyambuo kilekile. Je, unapaswa kuchukua C ipi? Weka v + C ndani ya fomula uone:

kipande cha mpakani kinaongezeka kwa C·(u(b) − u(a)),

na integrali ∫ₐᵇ C·u' dx, ambayo inatolewa, nayo ni C·(u(b) − u(a)).

Zinafutana. Kwa hiyo C yoyote ni halali, mradi utumie ileile ndani ya mabano na ndani ya integrali. Anayeweka C mahali pamoja tu ndiye anayeharibu.

Na kama C yoyote ni halali, basi chagua inayokurahisishia. Watu wengi hawafundishwi hili, nami naliona kuwa nusu ya ufundi wote wa integrali zenye mipaka. Kwenye mvua yetu ya kwanza chukua v = M(t) − 18. Hiyo ni mvua ambayo bado haijaanguka, ikiwa na alama hasi. Kipande cha mpakani kinakuwa 3 × (18 − 18) − 0 × (0 − 18), yaani sifuri pande zote. Kinachobaki ni eneo chini ya grafu ya mvua iliyosalia, ambayo usomaji wake ni 18, 9, 3, 0:

18/2 + 9 + 3 + 0/2 = 21

Kipande cha mpakani kimeondoka kwa sababu tumemchagua v wa kukiondoa, si kwa sababu tumekitupa. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa.

Mfano wa vitabuni: ∫₀¹ ln(1 + x) dx. Chukua u = ln(1 + x), v' = 1. Wengi huandika v = x, kisha wanabaki na ∫ x/(1 + x) dx ya kuigawanya. Andika v = x + 1 badala yake. Kwa kuwa u' = 1/(1 + x), zao v·u' ni 1 tu:

[(x + 1)·ln(1 + x)]₀¹ − ∫₀¹ 1 dx = 2·ln 2 − 0 − 1

Jibu ni karibu 0.386. Vivyo hivyo, ukikutana na ∫₀¹ x·arctan x dx, chukua v = (x² + 1)/2 badala ya x²/2, na integrali ya pili itakuwa nusu tupu.

Makosa ya alama, na jinsi ya kuyanasa

Tuipe mvua fomula. Tuseme kasi yake ilikuwa 20·e^(−t) milimita kwa saa kwa saa tatu: kubwa mwanzoni, ikipungua taratibu. Tunataka ∫₀³ t·20·e^(−t) dt. Chukua u = t, v' = e^(−t), basi v = −e^(−t). Ile alama hasi ya v ndiyo inayowakwaza watu, kwa hiyo andika kila hatua:

20·( [−t·e^(−t)]₀³ − ∫₀³ (−e^(−t)) dt )

= 20·( −3·e^(−3) − 0 + ∫₀³ e^(−t) dt )

= 20·( −3·e^(−3) + 1 − e^(−3) )

= 20·(1 − 4·e^(−3))

Kwa kuwa e^(−3) ni karibu 0.0498, jibu ni 16.02. Mvua yote ni 20·(1 − e^(−3)), karibu milimita 19.00. Kitovu ni saa 0.843, kama dakika 51 tangu mwanzo.

Aliyetupa kipande cha mpakani atapata 19.00, na kitovu chake kitakuwa saa moja kamili, namba nzuri inayovutia kuaminiwa. Aliyegeuza alama ya kipande hicho atapata 21.99. Utajuaje nani yuko sahihi bila kuangalia majibu nyuma ya kitabu? Kadiria integrali kwa thamani chache. Fanksheni 20·t·e^(−t) kwenye t = 0, 0.75, 1.5, 2.25 na 3 ina thamani 0, 7.09, 6.69, 4.74 na 2.99. Kwa kanuni ya Simpson:

(0.75/3)·(0 + 4×7.09 + 2×6.69 + 4×4.74 + 2.99) ≈ 15.9

Hiyo iko jirani na 16.02, na mbali na 19 na 22. Dakika mbili na kikokotoo vinatosha. Namsihi kila anayejiandaa kwa mtihani afanye hivi angalau kwa swali moja lenye alama nyingi.

Ncha ambayo fanksheni inavunjika

Sasa lile sharti la ncha. Chukua

∫₀¹ ln x / (1 + x)² dx

Kwenye x = 0, ln x inashuka bila kikomo, lakini eneo lenyewe lina ukomo. Kwa kuwa 1/(1 + x)² iko kati ya 1/4 na 1, na ∫₀¹ ln x dx ni −1, jibu letu lazima liwe kati ya −1 na −0.25. Shika hilo kichwani.

Ncha ikiwa imevunjika, usiweke 0 ndani ya mabano. Weka namba ndogo chanya, ε, fanya hesabu yote, kisha iache ε iende sifuri mwishoni. Chukua u = ln x na v' = 1/(1 + x)². Chaguo la kwanza linalokuja akilini ni v = −1/(1 + x). Kipande cha mpakani kinakuwa

[−ln x/(1 + x)] kutoka ε hadi 1 = 0 + ln ε/(1 + ε)

na hiki kinashuka bila kikomo. Integrali iliyobaki, ∫ 1/(x·(1 + x)) dx kutoka ε hadi 1, inapanda bila kikomo. Wengi wakifika hapa huandika kwamba integrali haina jibu, na wanakosea. Vipande viwili kila kimoja hakina ukomo, lakini jumla yao inao. Ukivumilia na kuvijumlisha kabla ya kuiachia ε, sehemu zinazolipuka zinafutana na unabaki na −ln 2.

Lakini kuna njia fupi, na tayari tunayo. Ongeza C = 1 kwenye v:

v = 1 − 1/(1 + x) = x/(1 + x)

Sasa v yenyewe ni sifuri pale ln x inapolipuka. Kipande cha mpakani ni [x·ln x/(1 + x)] kutoka ε hadi 1. Juu ni 0. Chini kuna ε·ln ε, na hapo lazima uonyeshe, si kudhani, kwamba inakwenda sifuri. Jaribu: ε = 0.1 inatoa −0.230, ε = 0.01 inatoa −0.046, ε = 0.001 inatoa −0.007. Ushahidi kamili: andika ε = e^(−s), upate −s·e^(−s), na e^s hukua haraka kuliko s. Kwa hiyo kipande cha mpakani ni sifuri pande zote mbili, na

− ∫₀¹ (x/(1 + x))·(1/x) dx = − ∫₀¹ 1/(1 + x) dx = −ln 2

Ni karibu −0.693, ndani ya mipaka tuliyojiwekea.

Utaratibu huohuo unafaa pale mpaka wa juu usipo na mwisho. Mvua ya 20·e^(−t) ikiachwa iendelee milele, andika T juu badala ya 3. Kipande cha mpakani ni −20·T·e^(−T), nacho kinakwenda sifuri T inapokua. Hapo, na hapo tu, kitovu kinakuwa saa moja kamili. Aliyetupa kipande cha mpakani kwenye mvua ya saa tatu alikuwa, bila kujua, anajibu swali la mvua isiyokatika.